Milioni mbili za miezi 30 na milioni moja na nusu ya leo: ipi kubwa?

*Hujambo Mwalimu,*

*Ninauza ploti yangu ya hamsini kwa mia iliyoko Lanet, hapa Nakuru, na nina wanunuzi watatu. Wa kwanza ana matatu za Nakuru–Naivasha. Anatoa milioni moja na nusu taslimu siku ya kutia sahihi. Wa pili ni mume na mke, walimu wa Njoro. Wao watatoa milioni moja na laki nane kwa awamu tatu: laki sita sasa, laki sita baada ya mwaka, na laki sita baada ya miaka miwili. Wa tatu ameletwa na kaka yangu. Yuko Qatar, mkataba wake wa kazi unaisha baada ya miezi 30, na hapo atalipa milioni mbili kwa mpigo.*

*Pesa hizo nataka zikapunguze mkopo. Nilikopa kwenye chama chetu cha akiba na mikopo nikajenga vyumba sita vya kupangisha kule Kaptembwa. Bado nadaiwa 1,600,000, na riba ni asilimia moja kwa mwezi juu ya salio. Kaka anasema hakuna mwenye akili timamu anayekataa milioni mbili. Kijana wangu wa chuo amezidisha asilimia moja kwa miezi 30 akapata 30, akagawa milioni mbili kwa 1.3, ikaja 1,538,462, akamuunga mkono mjomba wake. Mume wangu naye ametoa asilimia 30 kwenye milioni mbili, akabaki na milioni moja na laki nne, na anataka tuchukue taslimu. Nani yuko sawa, na hesabu yenyewe hufanywaje?*

*Mama wa Vyumba, Nakuru*

---

Mama, mume wako amekaribia jibu kwa njia isiyo sahihi, na kijana ameshika njia iliyo karibu na sahihi ikampeleka kwenye jibu baya. Kaka hakufanya hesabu. Lakini wote watatu wamebishana juu ya taslimu na Qatar tu, na walimu wa Njoro wakasahaulika, ilhali wao ndio wenye bei nzuri kuliko wote kama mambo yalivyo sasa.

Tuanze na mkopo, kwa sababu ndio unaotupa kipimo. Shilingi mia ukiiacha kwenye deni lako mwezi mmoja inakuwa 101. Mwezi wa pili, asilimia moja hailiwi tena juu ya mia bali juu ya 101, kwa hiyo inafika 102.01. Endelea hivyo miezi 12 utapata 112.68. Kila mwezi unazidisha kwa 1.01, na kuzidisha 1.01 mara 12 huandikwa 1.01 kwa kipeo cha 12. Ndiyo maana mkopo wa asilimia moja kwa mwezi haukugharimu asilimia 12 kwa mwaka. Unakugharimu 12.68. Hicho kisehemu kidogo kinaonekana cha kupuuzwa, ila usikitupe, tutakihitaji hivi karibuni.

Sasa igeuze hesabu hiyo irudi nyuma. Kama shilingi mia ya leo ni sawa na 112.68 ya mwaka ujao, basi 112.68 utakayopewa mwaka ujao ni sawa na mia ya leo. Ukiahidiwa pesa za mbeleni, unazirudisha leo kwa kuzigawa kwa kile kile ambacho zingezidishwa nacho. Jibu linaitwa thamani ya sasa, na hakuna fomula nyingine utakayoihitaji katika jambo hili:

```
thamani ya sasa = malipo / 1.01^miezi
```

Alama ya ^ ndiyo kipeo. Kwenye kikokotoo cha simu iko pale ukifungua vitufe vya ziada, na kwenye baadhi ya simu unailaza simu ubavu ndipo vitufe hivyo vitokee. Andika mstari mzima kama ulivyo. Kikokotoo kitafanya kipeo kwanza kisha kigawe. Kama una kile kikokotoo kidogo cha dukani kisicho na kitufe hicho, usikate tamaa, maana vipeo hujumlishwa unapozidisha. Miezi 30 ni 12 na 12 na 6. Mwaka mmoja ni 1.126825. Uzidishe kwa wenyewe, upate 1.269735, ambayo ni miezi 24. Miezi sita ni 1.061520. Zidisha hizo mbili za mwisho utapata 1.347849, na hiyo ndiyo 1.01 kwa kipeo cha 30.

Mwenye matatu hahitaji hesabu. Pesa yake ni ya leo, kipeo chake ni sifuri, na namba yoyote kwa kipeo cha sifuri ni moja. Milioni moja na nusu inabaki milioni moja na nusu.

Walimu wana malipo matatu, na kila moja lina tarehe yake, kwa hiyo kila moja linagawiwa peke yake ndipo yajumlishwe:

```
600000 / 1.01^0   =   600000
600000 / 1.01^12  =   532470
600000 / 1.01^24  =   472540
jumla             =  1605010
```

Na yule wa Qatar:

```
2000000 / 1.01^30 =  1483846
```

Umeona? Laki sita ile ile, kwa sababu tu imechelewa miaka miwili, imekuwa laki nne na sabini na kitu. Na milioni mbili ya kaka yako, ikirudishwa leo, iko chini ya taslimu ya mwenye matatu kwa elfu 16 hivi, na chini ya walimu kwa zaidi ya laki moja na elfu ishirini.

Kama kaka hataki kuamini mgawanyo, mpelekee hesabu ikienda mbele, wengi huielewa haraka zaidi. Milioni moja na nusu ukiitia kwenye deni leo, inazuia riba ambayo ingezaliana miezi 30. Zidisha 1,500,000 kwa 1.347849 upate 2,021,774. Mtu anayeahidi milioni mbili siku hiyo anakupa pungufu ya hapo.

Turudi kwa kijana, kwa kuwa kosa lake ni la kawaida na lina madhara. Alizidisha asilimia moja kwa 30 akagawa kwa 1.3. Hiyo ingekuwa sawa kama chama chako kingekutoza riba juu ya deni la mwanzo tu, na riba yenyewe isizae. Lakini riba ambayo haijalipwa huingia kwenye salio, na mwezi unaofuata inatozwa pamoja na salio. Kigawanyo sahihi ni 1.3478, si 1.3. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyompa 1,538,462 badala ya 1,483,846, na ndiyo iliyoipandisha ofa ya Qatar juu ya taslimu wakati kwa kweli iko chini.

Kuna njia nyingine ya kukosea inayofanana na hiyo, na hii hata watu wa ofisini huifanya. Mtu anasema asilimia moja kwa mwezi ni 12 kwa mwaka, miezi 30 ni miaka miwili na nusu, anaandika 2000000/1.12^2.5. Kipeo cha nusu si kosa. Miaka miwili na nusu ina haki ya kuwa kipeo. Kosa ni 12. Anapata 1,506,555, na ofa ya Qatar imeishinda taslimu tena. Angeandika 1.126825 kwa kipeo cha 2.5 angefika pale pale tulipofika sisi. Kanuni ya kushika ni hii: ukihesabu muda kwa miezi, tumia kiwango cha mwezi, ukihesabu kwa miaka, tumia kiwango cha mwaka kilichopatikana kwa kipeo, si kwa kuzidisha kwa 12.

Mume wako yeye alitoa badala ya kugawa. Jaribu njia yake kwa miezi 100: asilimia 100 inatoka na pesa yote inapotea, na miezi 110 inakuwa kana kwamba mnunuzi anakudai wewe. Malipo ya mbeleni hupungua thamani, lakini hayawezi kufika sifuri kwa sababu ya muda pekee. Namba ikianza kufanya vituko kama hivyo, ujue mahali fulani mtu alitoa alipopaswa kugawa.

Sasa nakuja kwenye swali ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo zito. Je, 12.68 ndicho kiwango sahihi kwako? Kwa leo, ndiyo, kwa sababu kila shilingi itakayofika kwenye deni inazuia riba hiyo hasa. Hata ukiwa unalipa awamu za kila mwezi kutokana na kodi za vyumba, awamu hizo zipo katika ofa zote tatu, hazibadilishi kitu. Ila ukichukua milioni moja na nusu, deni litabaki laki moja, na baada ya miezi michache litakuwa limekwisha. Kuanzia hapo kodi za vyumba zinazobaki mfukoni hazizuii tena riba ya asilimia 12.68. Utaziweka mahali zikue, na huko kiwango ni kingine. Bili za Hazina za siku 364, yaani kuikopesha serikali kwa mwaka mmoja, zilipita asilimia 16 mwaka 2024, na mwaka 2025 zikashuka chini ya 10, na kwenye riba hiyo kuna kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa hiyo kiwango chako cha kweli kinaweza kuwa chini kidogo ya 12.68, na hakuna atakayekuambia ni ngapi hasa.

Kwa hali hiyo, mimi sipendi kuegemea namba moja. Ninajaribu viwango tofauti nione ni wapi uamuzi unageuka. Taslimu na Qatar zinalingana kwenye asilimia 12.2 kwa mwaka. Chini ya hapo Qatar inaishinda taslimu, juu ya hapo inashindwa. Umeona mpaka huo ulivyo karibu na kiwango chako? Maana yake ni kwamba mabishano ya nyumbani kwenu kuhusu ofa hizo mbili ni ya karibu sare, na elfu 16 niliyoitaja si kitu cha kugombania na kaka.

Walimu ni hadithi nyingine. Taslimu haiwafikii mpaka kiwango kipite asilimia 21.5 kwa mwaka. Qatar haiwafikii mpaka kiwango kishuke kwenye asilimia 7 na kidogo. Kati ya 7 na 21 ni nafasi pana, na mkopo wako, na hata bili za Hazina baada ya kodi, katika mwaka ule mzuri na ule mbaya, zote zinaangukia humo. Ungekuwa na deni la simu la kulipwa kwa mwezi mmoja ningekuambia vingine, kwa sababu madeni hayo yakigeuzwa kuwa ya mwaka hupita asilimia 21 kwa mbali, na hapo taslimu ndiyo ingeshinda. Hukulitaja, nami nachukulia halipo.

Jirani atakuja kukuambia uongeze pia kupanda kwa bei za vitu. Usiongeze. Riba ya chama imekwisha kuwekwa na watu wanaojua bei hupanda. Ukiongeza asilimia nyingine juu yake utakuwa umekata kitu kile kile mara mbili.

Kitu ambacho kipeo hakikijui ni kama mtu atalipa. Fomula yetu inaamini kila tarehe itatimizwa. Kwa walimu, jaribu kuwachelewesha kwenye karatasi kabla hawajakuchelewesha wenyewe. Awamu ya tatu ikisogea mwaka mmoja, kutoka mwezi wa 24 hadi wa 36, laki sita hiyo inashuka kutoka 472,540 hadi 419,355. Umepoteza elfu 53, na jumla yao ni 1,551,825, bado juu ya taslimu. Lakini awamu ya pili na ya tatu zote zikisogea mwaka mmoja, jumla inakuwa 1,491,895, na mwenye matatu amewapita. Kwa hiyo wanaweza kuteleza mara moja ukabaki salama. Wakiteleza kwenye awamu zote mbili, ni heri ungechukua taslimu.

Dawa yake iweke kwenye mkataba wa mauzo, na kipeo ni kile kile. Mwambie wakili aandike kwamba awamu iliyochelewa inaongezeka asilimia moja kwa kila mwezi, nyongeza juu ya nyongeza. Laki sita iliyochelewa miezi 12 ilipwe 676,095. Ukigawa hiyo kwa 1.01 kwa kipeo cha miezi ile ile iliyochelewa inarudi kuwa laki sita kamili, yaani wakichelewa hupotezi hata shilingi. Mwambie aandike namba za mfano ndani ya mkataba, si maneno tu, kwa sababu “asilimia moja kwa mwezi” ikiandikwa hivi hivi watu watakuja kubishana kama ni juu ya deni la mwanzo au juu ya salio, kama mlivyobishana ninyi mezani. Na hatimiliki isibadilishwe jina kabla shilingi ya mwisho haijaingia. Hilo wakili analijua, lakini wewe lisome kwa macho yako kabla ya kutia sahihi.

Basi utamwambia nini kaka? Usimwambie mtu wake amekataliwa. Mwambie bei. Ili yule wa Qatar afikie ofa ya walimu kwa malipo ya mpigo mmoja, zidisha 1,605,010 kwa 1.347849. Inatoka 2,163,311, na hiyo ndiyo anayopaswa kulipa siku ile ya miezi 30.

Ila kuna njia ambayo huenda akaipenda zaidi, na haimwongezei hata shilingi. Mwombe atoe laki tano sasa, na ile milioni moja na nusu alipe mkataba wake ukiisha. Jumla ni milioni mbili zile zile alizotaja. Hesabu yake:

```
500000 + 1500000 / 1.01^30 = 1612884
```

Hapo anawapita walimu kwa karibu elfu nane. Elfu nane si nyingi, na milioni moja na nusu ingali mikononi mwa mtu mmoja aliye mbali kwa miezi 30, kwa hiyo kifungu cha kuchelewa kinahitajika kwake kuliko kwa walimu: akichelewa mwaka mmoja bila kifungu hicho, milioni moja na nusu yake ya mwezi wa 42 ni 987,628 tu ya leo. Akikubali laki tano sasa pamoja na kifungu, chagua kati yake na walimu kwa kuangalia unayemwamini zaidi, maana hesabu haiwatofautishi. Akikataa kutoa chochote sasa, wapigie walimu simu.